Mkopo umelipwa au haujalipwa? Daftari la chama linasema hivi, mkopaji anasema vile

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni katibu mpya wa chama cha akina mama huku Kisauni. Tuko 18, kila Jumamosi kila mmoja anaweka shilingi 500, na Desemba tunagawana. Sasa mkopo mmoja umetutenganisha hata salamu zimekuwa za shida.

Mwenzetu anayekaanga samaki alikopa 20,000 mwezi wa Machi, alipe kwa miezi minne kuanzia Aprili. Yeye anasema alimaliza Julai. Mweka hazina anasema bado anadaiwa 11,000, kwa sababu ada ni 1,000 kila mwezi mpaka sasa Novemba. Nimefungua daftari nikaona malipo matatu tu: Aprili 6,000, Mei 5,750, Julai 5,250. Ya Juni hayapo. Mkopaji anasema Juni alikuwa matangani Kilifi, akatuma 6,000 kwa M-Pesa kwenye simu ya mweka hazina, 500 ya mchango na 5,500 ya mkopo. Ujumbe anao. Jumamosi hiyo mchango wake wa 500 umetiwa alama, lakini ukurasa wa mkopo haukuandikwa kitu.

Katiba yetu inasema tu "ada ya mkopo ni asilimia 5". Wadhamini wake wawili wameambiwa watakatwa kwenye mgao. Mwenyekiti ni wifi yake mweka hazina, naye anasema tukate yaishe. Nianzie wapi?

Katibu, Kisauni


Marahaba mwanangu.

Kwanza usikate mtu hata shilingi moja, na usikubali neno "tukate yaishe" liingie kwenye kumbukumbu za kikao kama uamuzi. Ukishamkata mdhamini kwa deni ambalo halijathibitishwa, utakuwa na ugomvi wa watu watatu badala ya mmoja, na pesa ikishagawanywa Desemba hairudi.

Kaa na kalamu uipasue hiyo 11,000, maana ni mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na kila moja lina jibu lake. Mweka hazina amehesabu ada ya 1,000 kwa miezi minane, Aprili hadi Novemba, akapata 8,000. Akajumlisha na 20,000 ikawa 28,000. Akatoa malipo matatu yaliyo daftarini, ambayo ni 17,000, ikabaki 11,000. Hesabu yake kama hesabu haina kosa. Lakini ndani yake mna 5,500 ya Juni isiyoandikwa. Mna 1,500 inayotokana na namna ya kuhesabu ada kwa ile miezi minne ya mkopo. Na mna 4,000 ya ada ya Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba. Jumlisha uone, ni 11,000 kamili. Kikao kikijadili "deni la 11,000" kwa mkupuo mtapiga kelele mpaka magharibi. Jadilini moja baada ya jingine.

Anza na ada, kwa sababu ushahidi wake umeshika mkononi bila kujua. Katiba yenu haisemi asilimia 5 ya nini. Inaweza kuwa ya mkopo wote mara moja tu, yaani 1,000 basi. Inaweza kuwa ya mkopo wa awali kila mwezi, ndiyo anayoisema mweka hazina. Inaweza pia kuwa ya salio lililobaki kila mwezi, ambapo ada inapungua kadiri deni linavyopungua. Kanuni ikiwa na tafsiri tatu, huwezi kuchagua moja Novemba ukamfunga nayo aliyekopa Machi. Unachotafuta ni walivyoelewana walipokuwa wakilipa na kupokea.

Sasa tazama malipo yenyewe. Aprili anadaiwa 20,000, asilimia 5 yake ni 1,000, akiongeza 5,000 ya mkopo inakuwa 6,000. Ndiyo aliyolipa. Mei salio ni 15,000, ada yake 750, jumla 5,750. Ndiyo aliyolipa. Juni salio ni 10,000, ada 500, jumla 5,500, na ndiyo anayosema alituma. Julai salio ni 5,000, ada 250, jumla 5,250, na hiyo imo daftarini kwa mkono wa mweka hazina mwenyewe. Mtu hatoi 5,750 au 5,250 kwa kubahatisha. Viwango hivyo vinatoka kwenye hesabu ya salio linalopungua, na aliyepokea alivipokea bila kuandika popote kwamba vimepungua. Kama ada ingekuwa 1,000 isiyobadilika, Mei angeambiwa "umepunguza 250" na Julai "umepunguza 750". Pekua kumbukumbu za vikao vya miezi hiyo. Ukikosa neno la namna hiyo, basi chama kilikubali hesabu ya salio, na ile 1,500 inaanguka.

Kuna jambo jingine ndani ya malipo ya Julai. Ile 250 ni ada ya salio la 5,000. Kama ya Juni hayakulipwa, salio la Julai lingekuwa 10,000 na ada isingekuwa 250. Kwa hiyo siku anapokea 5,250 na kuiandika, mweka hazina alikuwa akifanya kama mtu anayejua kwamba ya Juni imeshafika. Sisemi hilo peke yake linatosha kumhukumu. Huenda alipokea tu alichopewa bila kupiga hesabu, na wengi hufanya hivyo foleni ikiwa ndefu na watu wanataka kurudi majumbani. Lakini ni swali la kumuuliza kwa utulivu.

Twende kwenye ile 5,500, maana ndiyo kiini. Mwombe mkopaji afungue ujumbe wa asili kwenye simu yake. Picha iliyopigwa na kusambazwa isikutoshe, kwa kuwa picha hurekebishwa na huzua maneno. Nakili herufi na tarakimu za mwanzo wa ujumbe, ile namba ya muamala, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyetumiwa. Namba hiyo ni ileile kwa mtumaji na mpokeaji. Kisha mweka hazina naye atafute kwenye simu yake ujumbe wenye namba hiyohiyo. Kama ameufuta, kila mmoja wao anaweza kuomba taarifa ya M-Pesa ya mwezi Juni kupitia *334#, na taarifa hiyo huonyesha namba ya muamala, tarehe na kiasi kilichoingia au kutoka. Si lazima mweka hazina aonyeshe kikao maisha yake yote ya simu. Mstari mmoja unatosha, na afunike mingine.

Ikithibitika 6,000 ilifika, jiulize kuhusu ile 500 ya mchango. Wewe mwenyewe umeona imetiwa alama Jumamosi ileile, na mwenyewe hakuwepo mkutanoni, alikuwa matangani. Basi 500 hiyo ilitoka wapi kama si kwenye ile 6,000? Aliyetia alama aliuona ujumbe. Sehemu moja ya pesa ilifika kwenye daftari. Tunatafuta sehemu ya pili ilikokwenda, na kabla ya mtu kulitaja neno wizi kuna mahali pa kutazama.

Fungua kurasa za mikopo za wanachama wengine kwa tarehe hiyo na Jumamosi inayofuata. Je, kuna mtu ameandikiwa malipo ya 5,500 ambayo hakulipa? Katika vyama vyetu ambako watu wanaandikwa kwa majina ya watoto, Mama Fulani wawili katika daftari moja ni jambo la kawaida, na malipo ya mmoja huangukia kwa mwenzake. Ukiikuta huko, suluhisho ni la kalamu tu. Piga mstari mmoja juu ya maandishi yenye kosa ili yaendelee kusomeka, andika sahihi chini yake, na watu wawili watie sahihi na tarehe. Usifute kwa wino mweupe wala usichane ukurasa. Daftari lililofutwa linamtia shaka hata aliye mkweli.

Kama hukuikuta, hesabu pesa ya siku ile nzima. Chukua pesa iliyofungua mkutano, ongeza yote yaliyoingia, toa yote yaliyotoka, kisha linganisha na ile iliyohesabiwa na kufungiwa mwisho. Nikupe mfano wa tarakimu, wewe utaweka zenu. Tuseme mlifungua na 14,200. Michango ya watu 18 ni 9,000. Marejesho ya mikopo ya wengine ni 7,300. Mkatoa mkopo mpya wa 20,000. Kwa daftari, zingebaki 10,500. Sasa tazama kiasi walichohesabu na kuandika mwisho wa mkutano. Kikiwa 16,000, maana yake ile 5,500 iliingia pamoja na nyingine na kalamu tu ndiyo iliyoiruka. Pesa ya chama ipo, ukurasa wa mkopaji unasahihishwa, na hakuna mtu anayedaiwa. Kikiwa 10,500 kamili, 5,500 haikufika mezani siku ile. Itazame pia Jumamosi ya pili na ya tatu, kwa sababu mtu anaweza kutoa pesa kwenye simu baadaye akaileta bila maelezo. Isipoonekana kokote, ilibaki kwenye simu, na hapo mweka hazina ndiye anayedaiwa na chama. Deni la mkopaji limekwisha palepale alipotuma kwa mtu ambaye chama chenyewe kilimteua kupokea.

Unaona basi, katika njia zote hizo, ujumbe ukithibitika mwenye samaki yuko huru. Alitakiwa kulipa 22,500 kwa hesabu ya salio, na 6,000 na 5,750 na 5,500 na 5,250 ni 22,500. Deni likiisha Julai, ile 4,000 ya Agosti hadi Novemba haina pa kusimama, kwa sababu ada haitozwi juu ya salio lisilokuwepo. Na hata kama salio lingekuwepo, ningekuuliza: ni kikao gani kati ya vyote vya Agosti hadi Oktoba kilichomsoma kama mwenye kuchelewa? Mkopo ukipita muda wake, jina husomwa mkutano unaofuata na mdhamini huambiwa. Kukaa kimya miezi minne halafu kuleta ada yake yote kwa mpigo karibu na mgao ni dhuluma, na nalisema hivyo kwa sababu nimeona akina mama wakipoteza akiba ya mwaka kwa namna hii.

Na ujumbe usipothibitika? Taarifa ya M-Pesa ikionyesha hakutuma, basi yeye anadaiwa 5,500 pamoja na ada ya ucheleweshaji ambayo katiba yenu inataja. Kama haitaji yoyote, msiizue sasa. Hapo wadhamini wanaweza kuguswa, nao ni baada ya mkopaji mwenyewe kupewa muda ulioandikwa na baada ya akiba yake yeye kutangulia, ikiwa karatasi waliyotia sahihi inasema hivyo. Isome karatasi hiyo. Wengi husaini udhamini kama shahidi tu, bila neno lolote kuhusu kukatwa.

Sasa nani akae kusikiliza? Mwenyekiti asiongoze shauri hili. Simtilii shaka moyo wake. Tatizo ni kwamba uamuzi wowote atakaoutoa utasomwa kama uamuzi wa wifi. Akimpa haki mweka hazina watasema ni ndugu, akimpa mkopaji nyumbani kwake hakutakalika. Mwombe kwa heshima, peke yake, kabla ya kikao, akupishe nafasi hiyo. Kisha kila upande uchague mwanachama mmoja, na wengine mlobaki mchague wa tatu, ambaye si jamaa wa yeyote, si mdhamini na hana mkopo uliochelewa. Hao watatu wapewe daftari la mikopo, daftari la michango, kumbukumbu za vikao na taarifa za M-Pesa, wakae na pande zote mbili kwa pamoja, na wapige hesabu kwa sauti. Wafuate mpangilio huu: kwanza je pesa ya Juni ilifika, pili ada ilihesabiwaje, tatu kilichobaki ni nini. Maneno ya nani alimnunia nani sokoni Kongowea yasubiri mpaka tarakimu ziishe. Mara nyingi hayarudi tena.

Wakimaliza, waandike walichokuta katika sentensi chache, kwa viwango na tarehe, pande mbili zitie sahihi. Maandishi hayo yasomwe mbele ya wanachama wote. Mweka hazina akionekana ndiye anayedaiwa, mpeni nafasi ya kurejesha kwa tarehe iliyotajwa kabla ya mgao, na apumzike kushika pesa mpaka arejeshe. Kumwaibisha mtaani hakuongezi shilingi kwenye sanduku.

Desemba ikifika bado hamjaelewana, gawaneni, lakini wekeni kando kiasi kinachobishaniwa tu. Kama ubishi umebaki kwenye 5,500, hiyo ifungwe ndani ya bahasha, itiwe sahihi na pande zote mbili, na ibaki ndani ya sanduku au benki. Wadhamini wapewe mgao wao kamili. Hakuna haja ya watu 18 kungoja kwa ajili ya 5,500.

Kwa mzunguko unaokuja, nakusihi mbadilishe mambo mawili tu, na myapitishe kikao cha kwanza kabla ya mkopo wa kwanza kutoka. La kwanza ni maneno ya ada. Yaandikwe hivi au kwa namna mtakayokubaliana: "Ada ni shilingi 5 kwa kila 100 ya salio la mkopo, kila mwezi, na inakoma siku salio linapofika sifuri. Anayechelewa anatozwa faini ya kiasi fulani, mara moja kwa mwezi." Hapo chini mweke mfano wa mkopo wa 20,000 kama tulivyohesabu, mwezi kwa mwezi, ili hata asiyependa hesabu aone. Katika chama cha Mombasa lazima pia muulizane wazi kama wote mnaridhia ada ya aina hii. Kuna wenzetu Waislamu ambao kwao nyongeza yoyote juu ya mkopo ni riba, na kuiita ada hakuwaondolei uzito moyoni. Wasikilizwe, wamuulize sheikh wanayemwamini, na chama kinaweza kuamua mikopo irudi kiasi kilekile kilichotoka, gharama za daftari na usafiri zichangwe na wote sawa. Chama cha namna hiyo kinakua polepole, lakini kinakaa.

La pili ni pesa ya simu. Mchango na marejesho yalipwe mkutanoni, mbele ya watu. Anayelazimika kutuma, kama mwenzenu alipokuwa matangani, atume kwa mweka hazina na nakala ya ujumbe aitume kwako wewe katibu. Mkutano unaofuata mweka hazina asome namba ya muamala na kiasi, aseme ngapi ni mchango na ngapi ni mkopo, na pesa yenyewe iwe mezani ihesabiwe siku hiyo. Ukurasa wa mkopo uwe na tarehe, salio la mwanzo, ada, alicholipa, salio jipya, na sahihi ya aliyelipa pamoja na aliyepokea. Mkopaji naye awe na kijitabu chake chenye mistari hiyohiyo, akirudi nacho nyumbani. Juni ingeonekana tupu ndani ya wiki moja kama mwenye samaki angekuwa nacho.

Mwisho, kama watatu hao watashindwa, chifu au mzee wa mtaa anaweza kuwakalisha mkapatana. Kama chama kimesajiliwa chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, inayotaka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na katiba, afisa wa maendeleo ya jamii aliyeshika faili lenu ni mtu wa kumwendea pia. Kukiwa hakuna budi, ipo Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Popote mtakapokwenda, beba daftari lenyewe na si nakala, katiba, karatasi ya mkopo yenye sahihi za wadhamini, na taarifa za M-Pesa za simu zote mbili.